Kupanga saa za meza za sherehe ili meza moja ipokee vikundi viwili kwa usiku

Hatua ya 1: Pima muda halisi. Katika karatasi ya oda, mhudumu aandike saa kikundi kilipokaa, saa chakula kilipotoka, saa bili ilipolipwa na saa meza ilipokuwa tayari tena. Vikundi vya sherehe vipime peke yao, kwa sababu watu 12 wenye keki hawali kwa mwendo wa watu wawili. Kisha chagua muda ambao vikundi 8 kati ya 10 humaliza ndani yake. Usitumie wastani: karibu nusu ya vikundi vitauzidi, na wanaofuata watasimama mlangoni.

Hatua ya 2: Panga saa ukianzia mwisho wa usiku. Tuseme unafungua saa 11:00 jioni na kufunga saa 5:00 usiku, kikundi cha watu 12 hukaa saa 2 na dakika 45, na kufuta, kutandika na kupanga meza upya huchukua dakika 20. Kikundi cha mwisho lazima kikae saa 2:15 usiku. Cha kwanza kikikaa saa 11:00, kitaondoka saa 1:45 na meza itakuwa tayari saa 2:05. Zinabaki dakika 10 za akiba, si nyingi.

Sasa mteja anapiga simu anataka saa 12:30 jioni, na hiyo ndiyo saa wanayoipenda wengi. Ukikubali, meza itakuwa tayari saa 3:35, na kikundi kingine kikubwa kingemaliza saa 6:20. Umepoteza kikundi kizima kwa kuuza saa ya katikati. Mimi humpa saa 11:00 au 2:15 kwanza. Saa 12:30 naitoa pale tu ninapoona 2:15 haitapata mtu, kisha baada ya 3:35 naitenganisha meza na kuwaweka wateja wawili wawili.

Hatua ya 3: Sema mwisho wakati wa kubuki. "Meza ni yenu kuanzia saa 11:00 hadi saa 1:45." Muda unahesabiwa tangu saa waliyobuki, hata kama shangazi wa mwenye sherehe bado yuko njiani. Omba oda ya chakula siku moja kabla. Kusubiri kila mtu aagize ndiko kunakokula muda zaidi. Uliza pia kuhusu keki, uitoe wakiwa wamebakiza angalau dakika 45, maana baada ya keki kuna picha, hotuba na mabishano ya kugawana bili.

Kama una meza mbili za vikundi, zipishanishe kwa dakika 30, la sivyo jiko litapokea oda 24 kwa pamoja. Hiyo ya pili basi ianze saa 11:30, na ipate kikundi kimoja kikubwa tu, maana itakuwa tayari tena saa 2:35, baada ya ile 2:15 ya mwisho.

Hatua ya 4: Angalia saa ya chakula. Ikifika saa 12:15 na sahani kuu hazijatoka, zile dakika 10 zimeshaliwa. Mpigie simu wa saa 2:15 akiwa bado nyumbani, umwombe aje saa 2:30, ingawa usiku huo utafunga saa 5:15.