Simu ya nje imelia mara moja ikakata: soma namba kabla hujapiga

Hapa kwetu mtu akikubipu, unampigia. Asiye na salio anaacha mlio mmoja, mwenye salio anarudisha simu, na hakuna anayeona ajabu. Mtego huu umejengwa juu ya adabu hiyohiyo, tofauti ni kwamba anayebipu ni kompyuta na namba iliyobaki kwenye skrini yako inamwingizia mtu fedha kila dakika utakayokaa hewani.

Mimi nauza vocha na kutengeneza simu, na wateja wanaoniletea jambo hili huuliza swali moja: "Salio langu limekwenda wapi, na mimi nilipiga tu?" Nitaanza hapo, kwa sababu ukishaelewa njia ya fedha, hatua zinazofuata hazihitaji kukaririwa.

Ukipiga simu ya nje, mtandao wako hauifikishi wenyewe. Unaikabidhi kwa kampuni inayosafirisha simu za kimataifa, nayo pengine inaikabidhi kwa nyingine, mpaka ifike kwenye mtandao wa nchi ya ile namba. Kila mmoja anamlipa anayemkabidhi, na mtandao wa mwisho unalipwa kwa kuipokea simu, kwa kadiri ya dakika. Kwa nchi nyingine malipo hayo ya mwisho ni madogo sana. Kwa baadhi ya visiwa na nchi zenye wateja wachache wa simu, ni makubwa. Hapo ndipo penye mwanya: kuna wafanyabiashara wanaokodisha namba za aina hiyo na kumpa mpangaji fungu la fedha kwa kila dakika inayoingia. Tapeli ni mpangaji. Anachohitaji ni watu wapige, na wakipiga, wasikate haraka.

Chambo chake hakimgharimu karibu chochote, kwa kuwa simu isiyopokelewa kwa kawaida haitozwi. Kompyuta inapiga maelfu ya namba, mlio mmoja kila moja, inakata. Wachache tu wakirudisha, siku yake imelipa. Ujanja huu ulijulikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Mei 2019 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwatahadharisha watu juu ya wimbi la milio kama hiyo, nyingi zikiingia usiku wa manane na kuonyesha namba za Mauritania, +222. Usiku unachaguliwa kwa makusudi. Mtu aliyeamka na kukuta namba ya nje anawaza msiba au ugonjwa, hawazi utapeli.

Hatua ya kwanza: usiguse taarifa ya simu, ifungue orodha

Taarifa ya simu iliyokupita huja na kitufe cha kurudisha simu palepale, na kidole huwa na haraka kuliko macho. Ingia kwenye orodha ya simu. Kwenye baadhi ya simu za Android unagusa mstari wa namba kisha unafungua maelezo yake, lakini kwenye nyingine kugusa mstari kunapiga moja kwa moja, hivyo tafuta kwanza alama ya maelezo pembeni ya namba. Kwenye iPhone nyingi, kugusa namba yenyewe kunapiga moja kwa moja, hivyo gusa alama ya "i" iliyo pembeni.

Ukiwa hapo angalia kama ni simu ya kawaida au ya WhatsApp. Za WhatsApp pia zina matapeli wake, lakini kuirudisha kwa WhatsApp kunatumia bando la intaneti, hakukati salio kwa njia ninayoieleza hapa.

Hatua ya pili: soma tarakimu za mwanzo, moja baada ya nyingine

Hapa ndipo wengi wanapoingia, kwa hiyo tukae kidogo. Macho yetu yamezoea 254, 255 na 256, na jicho lililozoea hukamilisha lenyewe bila kusoma. Sasa tazama majirani wa namba hizo: 245 ni Guinea-Bissau, 225 ni Kodivaa, 252 ni Somalia, 265 ni Malawi. Tarakimu ni zilezile, zimebadilishana nafasi au imeteleza moja.

Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja na simu mkononi akitaka vocha ya haraka.

"Mwanangu wa Nairobi amenibipu alfajiri. Hajawahi kunibipu saa hizo."

"Mama, shikamoo. Hebu niione hiyo namba kwanza."

Ilianza na +245, kisha 95. Nikamwambia asome kwa sauti huku akiweka kidole kwenye kila tarakimu. Alipofika kwenye nne akanyamaza, akarudia tena: mbili, nne, tano. Kenya ni mbili, tano, nne. Na hata kama angeteleza hapo, kulikuwa na kituo cha pili cha ukaguzi: namba ya simu ya mkononi ya Kenya, baada ya 254, huanza na 7 au 1. Ya Tanzania, baada ya 255, huanza na 6 au 7. Ya Uganda, baada ya 256, ni 7. Ile yake ilifuatiwa na 9. Akampigia mwanawe kwa namba aliyoihifadhi siku zote, na kijana alikuwa bado amelala.

Wenye ndugu Marekani na Kanada wana mtego wao. Namba za huko huanza na +1, lakini +1 inatumiwa pia na visiwa vingi vya Karibiani, na bei yake si ile ya Marekani. Tazama tarakimu tatu zinazofuata: 876 ni Jamaika, 473 ni Grenada, 284 ni Visiwa vya Virgin vya Uingereza, 809 ni Jamhuri ya Dominika. Namba zinazoanza na +881 hazina nchi kabisa, ni za simu za setilaiti, na hizo ni ghali kwa kila mtu.

Sisemi kila namba ya Malawi au Jamaika ni ya tapeli. Watu wanaishi huko na wanapiga simu. Kama una mtu huko, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: mtafute mtu bila kuipigia namba

Kama unahisi ni ndugu, mpigie kwa namba yake unayoijua, au mwandikie kwenye kundi la familia. Kama huna mtu katika nchi hiyo lakini moyo haujatulia, hifadhi namba kwa jina lolote na uangalie kama ipo WhatsApp. Ikiwepo, andika "Habari, nani mwenzangu?" na usubiri. Mwenye shida ya kweli atajibu, au atapiga tena na kuacha simu ilie.

Hiyo ya mwisho ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Anayekutafuta kwa dharura ataacha simu ilie mpaka ikome, kisha atarudia. Mtego hauwezi kufanya hivyo kwa raha, kwa sababu ukipokea, ni yeye anayeanza kulipia.

Na ukipokea, je? Ujumbe unaozunguka kwenye makundi unasema ukipokea namba fulani wananakili laini yako na kufyonza majina yote na fedha za benki. Si kweli. Kupokea simu hakufungui majina wala akaunti. Ukiwa ndani ya nchi yako hakukati hata salio. Ukiwa safarini nchi nyingine na laini yako ya nyumbani, hapo kupokea kunaweza kutozwa.

Hatua ya nne: kama umeshapiga, tazama saa ya simu

Simu ikiwa bado inaita upande wa pili, skrini haianzi kuhesabu sekunde. Hesabu huanza pale tu simu inapopokelewa. Sasa kwa namba hizi utasikia mlio wa kuita ukiendelea, "kriii, kriii", huku sekunde zinatembea: 00:07, 00:08. Maana yake simu imeshapokelewa, na mlio unaousikia ni rekodi uliyochezewa ili uendelee kusubiri. Wengine huweka muziki, au sauti ya mtu anayesema hakusikii vizuri. Sekunde zikitembea na hakuna mtu, kata.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme salio lako ni shilingi 4,000 na bei ya kwenda huko ni shilingi 1,500 kwa dakika, inayokatwa kwa sekunde. Hiyo ni shilingi 25 kila sekunde. Ukikata kwenye sekunde ya nane umepoteza 200. Ukisubiri "apokee", salio linaisha kwenye dakika 2 na sekunde 40, na simu inakatika yenyewe. Kama mtandao wako unatoza kwa dakika nzima, hata zile sekunde nane ni 1,500. Dakika za kifurushi hazikulindi, kwa sababu kwa kawaida ni za mitandao ya ndani na simu ya nje hula salio la kawaida. Mwenye laini ya malipo ya kabla ana unafuu mmoja: hasara inaishia kwenye salio lililopo. Mwenye laini ya ankara, kama ile ya ofisi, hana ukuta huo, ataiona bili mwisho wa mwezi.

Baada ya kukata, piga huduma kwa wateja, taja namba na saa uliyopiga, omba waizuie. Kurudishiwa fedha ni nadra, kwa kuwa kwenye kumbukumbu zao wewe ndiye uliyepiga. Tanzania unaweza kuiripoti namba ya utapeli kwa ujumbe kwenda 15040. Kuizuia kwenye simu yako ni sawa pia, ila usiitegemee sana: aliyekodi namba amekodi nyingi, kesho atatumia jirani yake.

Hatua ya tano: funga simu za kwenda nje

Hii nawafanyia wazee, laini za watoto na simu za dukani zinazoshikwa na kila mtu. Kama hupigi nje kabisa, laini inaweza kufungwa isipige. Angalia kwanza hali ilivyo:

```
*#331#
```

Kufunga, ukiweka nywila ya kuzuia simu mahali pa NYWILA:

```
*331*NYWILA#
```

Nywila hiyo si PIN ya laini wala ya pesa za simu. Mtandao ndio unaoitoa, mara nyingi 0000 au 1234, lakini usibahatishe: ukikosea mara tatu, huduma yenyewe hufungwa. Uliza huduma kwa wateja. Simu ikijibu kuwa huduma haipo, mtandao wako hauikubali kwa njia ya vitufe, waombe wafunge wao. Kumbuka kwamba kwa aliye Tanzania, Kenya na Uganda nazo ni nje, zitafungwa pia. WhatsApp itaendelea kama kawaida. Siku ukitaka kufungua:

```
#331*NYWILA#
```

Kisha rudia `*#331#` na usome jibu kwenye skrini kabla hujampigia mtu.