Somo: Kufunga kontakta na butoni mbili kwenye pompi ya foraji, ili umeme ukirudi pompi isijiwashe

Hapa Lubumbashi umeme unaweza kukatika mchana ukarudi usiku wa manane. Pompi iliyofungwa moja kwa moja kwenye disjonkta itawaka yenyewe saa ile ile umeme unaporudi. Itawaka hata kama tanki imejaa, hata kama bomba limefunguliwa kwa matengenezo, hata kama mtu ameshika waya akidhani hazina kitu. Kontakta, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ikiwa na butoni mbili inaondoa hatari hiyo: umeme ukikatika inaachia, na ukirudi inabaki imeachia mpaka mtu aje kubonyeza. Lakini hilo linapatikana tu ukipitisha waya zake kwa mpangilio sahihi. Nimeshafungua kofre nyingi ambamo pompi inawaka na kuzima vizuri, lakini usalama haumo.

Tuchukue pompi moja ya fazi tatu katika lupango la Kampemba. Bamba la mota linasema 1.5 kW, 400 V, 4.1 A. Kontakta ya ampea 9 kwa kazi ya mota (kwenye ubavu wake imeandikwa AC-3) inatosha. Bobini yake, yaani koili inayoifanya ivute, ni ya 230 V. Rele ya joto, inayolinda mota isizidiwe, tunachagua ile inayorekebishwa kati ya ampea 4 na 6, ya klasi 10, kwa sababu mota iliyo ndani ya maji inaungua haraka ikikwama na haiwezi kusubiri rele ya polepole. Juu ya kontakta tunaweka fyuzi tatu za aM za ampea 6, na kwa ajili ya butoni fyuzi moja ndogo ya ampea 2. Mbele ya vyote hivyo kuna disjonkta kubwa na diferansieli, inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini.

Kabla ya kugusa

Zima disjonkta kubwa, ifunge kwa kufuli, ufunguo uweke mfukoni mwako. Halafu pima. Jaribu kwanza multimeta mahali unapojua kuna umeme, pima kwenye kofre fazi kwa fazi na kila fazi kwa ardhi, kisha rudi ujaribu tena pale pa kwanza. Multimeta iliyokufa katikati ya kazi inaonyesha sifuri sawasawa na waya isiyo na umeme. Kama lupango lina grupu, yaani jenereta, hakikisha nayo imezimwa na haiwezi kuwashwa na mtu mwingine wakati mikono yako iko ndani.

Njia ya mota

Hii ni nyepesi. Kutoka kwenye fyuzi za aM, fazi tatu zinaingia 1/L1, 3/L2 na 5/L3 juu ya kontakta. Rele ya joto inashikamana chini yake, na kutoka 2/T1, 4/T2 na 6/T3 za rele kebo inashuka kwenye foraji. Waya ya ardhi, kijani na njano, haipiti kwenye kontakta wala kwenye fyuzi. Inatoka kwenye bara ya ardhi, inafika kwenye mota bila kukatwa, na inashika pia kofre ya chuma, mlango wake na kichwa cha foraji.

Njia ya butoni

Hapa tusiharakishe. Kwenye vifaa vyote hivi tarakimu ya mwisho ya mguso inakuambia ni wa aina gani. Ukiishia na 1-2, umeshikana wakati wa mapumziko. Ukiishia na 3-4, umeachana. Butoni nyekundu ya kuzima tunatumia 1-2, ya kijani ya kuwasha tunatumia 3-4. Mguso msaidizi wa kontakta ni 13-14, na wa rele ya joto ni 95-96, ambao ni wa kipekee kidogo: umeshikana mpaka mota izidiwe.

Chukua fazi moja baada ya disjonkta kubwa lakini kabla ya fyuzi za aM (utaona sababu wakati wa kujaribu), kisha fuata mstari huu:

```
L1 - fyuzi 2A - 95/96 - nyekundu 1/2 - kijani 3/4 - A1
A2 - N
13 kwenye 3 ya kijani, 14 kwenye 4 ya kijani
```

Kwa hiyo kwenda kwenye kisanduku cha butoni zinahitajika waya tatu tu. Ya kwanza inatoka 96 na kufika kwenye nyekundu. Ya pili inatoka pale nyekundu na kijani zinapokutana, inaenda 13. Ya tatu inatoka upande wa pili wa kijani, inaenda 14, na 14 inaunganishwa na A1 kwa kipande kifupi ndani ya kofre.

Ukibonyeza kijani, bobini inapata umeme na kontakta inavuta. Ikivuta, 13-14 inashikana, na sasa bobini inajilisha yenyewe kupitia 13-14 hata ukiachia kidole. Umeme ukikatika, bobini inaachia, 13-14 inaachana, na njia ya kujilisha imevunjika. Umeme ukirudi hauna pa kupita. Vivyo hivyo ukibonyeza nyekundu, au rele ya joto ikifungua 95-96.

Nyekundu inakuwa ya kushikana ili waya yake ikikatika, au skrubu ikilegea, pompi isimame. Fundi anayeweka nyekundu ya kuachana na kutafuta ujanja mwingine wa kuzima atakuta waya imekatika siku ile hasa anapotaka kuzima kwa haraka.

Sasa A2. Iende kwenye netri moja kwa moja, bila butoni wala rele katikati. Wengine wanaweka fazi kwenye bobini na kupitisha butoni upande wa netri, na pompi inafanya kazi. Lakini fikiria kebo ya butoni inayopita nje ya nyumba, inasuguana na bomba la chuma mpaka waya inafika kwenye chuma. Bobini tayari ina fazi, na sasa imepata njia ya kurudi kupitia ardhi. Kontakta inaweza kuvuta bila mtu kubonyeza, au ikabaki imevuta hata ukibonyeza nyekundu kwa mikono miwili. Butoni zikiwa upande wa fazi, kebo ile ile ikigusa bomba, fyuzi ndogo au diferansieli inakata na pompi inasimama.

Kujaribu bila mota

Umeme bado umezimwa. Toa fyuzi tatu za aM, weka multimeta kwenye omu, ncha moja baada ya fyuzi ya ampea 2, nyingine kwenye A1. Inatakiwa kuonyesha wazi. Bonyeza kijani: karibu sifuri. Achia: wazi tena. Sukuma kontakta kwa bisibisi ili ivute kwa mkono: karibu sifuri. Ukiwa bado umeisukuma, bonyeza nyekundu: lazima iwe wazi. Kama nyekundu haibadilishi kitu, waya ya 13 umeiweka kabla ya nyekundu badala ya baada yake. Hilo ndilo kosa ninalolikuta zaidi, na ni baya, kwa sababu pompi inawaka vizuri ila haizimiki.

Halafu washa disjonkta kubwa, fyuzi za aM bado ziko nje. Bonyeza kijani, kontakta inavuta na kubaki. Bonyeza nyekundu, inaachia. Washa tena, kisha bonyeza kitufe cha majaribio cha rele ya joto: lazima iachie. Mwisho, rudisha rele ya joto, bonyeza kijani, na kontakta ikiwa imevuta, zima disjonkta kubwa na uiwashe tena. Kontakta ikibaki kimya, kazi ya butoni imekwisha.

Na mota

Zima, rudisha fyuzi, weka rele ya joto kwenye 4.1, isizidi hapo hata kidogo. Washa, pima kwa klempu ampea za fazi zote tatu. Zikaribiane, moja ikiachana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, tafuta sababu kwanza. Maji yakitoka machache, zima na ubadilishane fazi mbili, kwa maana pompi inayozunguka kinyume hutoa maji pia, ila kidogo. Kati ya kuzima na kuwasha acha walau dakika moja, maji yaliyo kwenye bomba yatulie.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa Katuba:* Yaya, kontakta yangu inanguruma jioni na kupigapiga, asubuhi iko sawa. Nibadilishe?

Usibadilishe kwanza, ndugu. Jioni ikipigapiga, pima kati ya A1 na A2. Bobini ya 230 V inahitaji walau asilimia 85, yaani kama 195 V, ili ivute vizuri. Ukikuta 180, tatizo ni volteji iliyoshuka, na kila kupigapiga kunachoma midomo ya kontakta. Zima pompi mpaka volteji ipande, na ufunge rele ya kulinda volteji na fazi, mguso wake ukae pamoja na 95-96 kwenye mstari ule ule. Soma pia maandishi ya bobini yenyewe. Ya 400 V ukiilisha 230 itanguruma saa zote, asubuhi pia.

*Mama wa Ruashi, mwenye lupango:* Nataka tanki ikijaa pompi izime yenyewe. Floteri inaingia wapi?

Mama, inategemea unataka nini ikipungua. Mwambie fundi aweke floteri kwenye mstari mmoja na nyekundu: tanki ikijaa pompi inazima, na kuwasha tena ni kazi ya mtu. Ikiwekwa sambamba na kijani, pompi itawaka yenyewe kila maji yanaposhuka, na pia umeme ukirudi usiku, kwa hiyo ulinzi tulioutafuta umepotea. Kisha, floteri ya tanki haioni foraji. Kufikia Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, maji ya chini yanashuka, na pompi ikikauka ampea zinapungua badala ya kupanda, hivyo rele ya joto haistuki. Kwa hilo inahitajika sondi ndani ya foraji na rele ya kiwango cha maji, mguso wake kwenye mstari ule ule wa nyekundu.

*Mwanafunzi wa ufundi, Kenya:* Pompi yetu ni ya fazi moja, yenye kisanduku cha kapasita. Rele ya joto inaruka baada ya muda mfupi, ampea ziko sawa.

Rele nyingi za fazi tatu zinahisi fazi moja ikikosekana, na wewe umeiachia nguzo moja tupu. Pitisha fazi kwenye nguzo ya kwanza, irudishe juu ipite ya pili, na netri ipite ya tatu. Nguzo zote zikibeba ampea zile zile, itatulia. Kontakta na rele vikae kabla ya kisanduku cha kapasita, na ukishazima subiri kapasita ijimwage, kisha pima kabla ya kuingiza mkono.