Somo: Kuandika waraka wa kubana matumizi bila kuwavunja moyo wafanyakazi

Tuchukue mfano wa ghala la vinywaji Mwanza lenye watu 40. Mauzo yameshuka, na mkurugenzi anataka matumizi yapungue kwa shilingi milioni 9 kwa mwezi. Wewe ndiye ofisa utumishi.

Hatua ya 1: tenganisha ya kutangaza na ya kujadili. Safari, mafuta ya magari na ovataimu ijayo, uongozi unaweza kutangaza. Mshahara haupunguzwi kwa waraka: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadili masharti ya ajira. Ovataimu iliyokwisha kufanywa nayo ilipwe yote.

Hatua ya 2: anza na uamuzi. Ukitanguliza aya mbili za "hali ya uchumi duniani", watu wataziruka wakitafuta panapowagusa.

"Kuanzia 1 Julai hadi 31 Desemba tutapunguza matumizi kwa shilingi milioni 9 kwa mwezi, kwa sababu mauzo yameshuka kwa miezi minne mfululizo. Ovataimu itafanyika kwa kibali cha maandishi cha meneja wa ghala; hapo tutaokoa milioni 3.5. Safari na mafuta ya magari, yakiwemo ya mameneja, vitapunguzwa kwa milioni 5.5. Mishahara ya msingi na chai ya saa nne vinabaki kama vilivyo. Tarehe 1 Oktoba tutawaeleza tulipofikia."

Maneno "yakiwemo ya mameneja" msiyafute. Mpakiaji anayepoteza ovataimu huku gari la bosi likijazwa tangi kila Ijumaa hatasoma mstari mwingine. Kuhusu chai: watu 40 kwa shilingi 500, siku 26, ni 520,000. Ukiifuta, kwa fedha hiyo utanunua manung'uniko ya mwaka mzima.

Hatua ya 3: wasimamizi wa zamu wauone siku moja kabla, kisha usomwe kikaoni ndipo ubandikwe.

Maswali ya wanachama

*Bosi anataka niandike "hakuna atakayepunguzwa kazi". Niandike?*
Kama ameamua hivyo na ana uwezo wa kutimiza, andika. Kama bado anapima, usiandike ahadi hiyo. Sema tu mpango huu unahusu nini. Kupunguza watu kuna utaratibu wake kisheria, wa taarifa na mashauriano, na waraka huu usiudokeze.

*Nikiandika "tunawaomba mpunguze ovataimu" si ndiyo heshima?*
Ombi hukubaliwa au hukataliwa. Hili ni sharti la kibali, liandike kama agizo. Ombi liweke kwenye mapendekezo yao ya kuokoa mafuta. Madereva wanazijua njia kuliko wewe.

*Madereva wangu wanalipia kodi ya nyumba kwa ovataimu. Niwaambieje?*
Usiandike "hamtaathirika". Andika: "Tunajua ovataimu ni sehemu ya kipato cha wengi wenu." Halafu toa waraka mwanzoni mwa Juni, wapate mwezi mzima wa kuzungumza na wenye nyumba.