Rosta ya siku nane: namna ninavyogawa zamu za usiku kituoni

Rosta yangu ya kwanza niliipanga kwa wiki. Jumatatu hadi Jumapili, kisha nikaikopi wiki inayofuata. Baada ya miezi miwili nesi mmoja akaniletea daftari lake: Jumamosi zote usiku zilikuwa zake. Sikuwa nimemwonea, mzunguko wa siku saba humrudisha mtu kwenye siku ileile kila mara. Tangu hapo napanga kwa siku nane.

Hapa nina manesi wanane wa wadi na chumba cha kujifungulia, na kila zamu inahitaji wawili. Asubuhi (A) ni saa 1:30 hadi saa 8 mchana, jioni (J) saa 8 hadi saa 2 usiku, usiku (U) saa 2 hadi saa 1:30 asubuhi. P ni pumziko, yaani ofu. Kila mtu anafuata mpangilio huu: A A J J U U P P. Ni saa 48 kwa siku nane, sawa na saa 42 kwa wiki, chini ya kikomo cha saa 45 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004. Ofu zimewekwa baada ya usiku makusudi, kwa kuwa P ya kwanza watu huilala tu. Bila P ya pili, huyo hajapumzika.

Hatua ya 1. Fungua Excel au Google Sheets. Majina yakae A2 hadi A9. Kwenye B2 hadi B9 andika namba 0 hadi 7, kila mtu yake. Tarehe zianzie C1 kwenda kulia, siku 56, hadi BF1.

Hatua ya 2. Kwenye C2 andika fomula hii, kisha ivute kulia hadi BF na chini hadi mstari wa 9:

```
=MID("AAJJUUPP",MOD(C$1-$C$1+$B2,8)+1,1)
```

Ikigoma, jaribu nukta mkato badala ya koma. Hutegemea mpangilio wa kompyuta.

Hatua ya 3. Hakiki. Ya kwanza iweke C10 uivute kulia. Ya pili BG2 na ya tatu BH2, uzivute chini:

```
=COUNTIF(C2:C9,"U")
=COUNTIF($C2:$BF2,"U")
=SUMPRODUCT(($C2:$BF2="U")*(WEEKDAY($C$1:$BF$1,2)>=6))
```

Kila siku isome 2, kila nesi asome usiku 14, na kati ya hizo 4 ziwe za Jumamosi na Jumapili. Ukiona 3 kwa mmoja na 5 kwa mwingine, kuna seli imeandikwa kwa mkono juu ya fomula, au tarehe imerukwa.

Hatua ya 4. Kopi jedwali lote ulibandike kama thamani tu kwenye ukurasa wa pili, uuite "Iliyofanyika". Kubadilishana zamu, ugonjwa na likizo viandikwe huko, na hesabu za usiku zirudie huko pia. Ule wa fomula usiguswe.

Likizo ndiyo inayosumbua. Tuseme Nesi Rehema, mwenye namba 5, anakwenda siku 28. Namwomba aanze siku ya P ya kwanza. Hapo anaacha usiku 6. Angeanza siku ya J ya kwanza angeacha 8. Kuziba kila usiku anaouacha, namchukua aliye kwenye J ya pili siku hiyo nageuza J yake kuwa U. Anafanya usiku tatu mfululizo na ofu zake mbili zinabaki palepale; jioni hiyo inabaki na nesi mmoja, kwa hiyo namwongezea mhudumu. Usimchukue wa A ya pili wala J ya kwanza: angetoka saa 1:30 asubuhi na kurudi saa 8 mchana.

Mwanzoni njia hii ilinitia wasiwasi, kwani mzigo huwaangukia walewale wawili walio mistari miwili juu ya Rehema, wa namba 4 na 3, usiku tatu kila mmoja. Wakalalamika, na kwa mwezi ule walikuwa na haki. Lakini wote wanane wakianza likizo kwenye P ya kwanza, kila mmoja anaacha usiku 6 na anabeba 6 za wenzake, ndani ya mwaka. Naweka safu ya "deni" wote waione.

Mjamzito ni hesabu nyingine. Sheria hiyohiyo inamwondoa usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, au mapema zaidi kwa cheti cha daktari, na miezi miwili baada ya kujifungua. Hapo J kugeuzwa U hakutoshi, watu watachoka. Mimi humwomba mfawidhi nesi wa kliniki ya mama na mtoto achukue mstari wake mzima, namba ileile, na mjamzito akae kliniki mchana.