Kufuta folda ya Google Drive iliyosheawa: tofauti ya kujitoa, kumtoa mtu na kutupa pipani

Ofisi ndogo za uwakala wa forodha hapa Mombasa mara nyingi huendesha kazi kwa folda moja tu ya Google Drive. Karani huifungua kwa Gmail yake mwenyewe, akawashea mwenye ofisi, mhasibu na kijana anayeshinda bandarini Kilindini. Kila mtu hutumbukiza lake humo: hati za meli, invoisi, risiti za ushuru, picha za lakiri za kontena. Mambo huenda vizuri mpaka siku karani anapopata kazi kwingine, au Gmail yake inapojaa, akaamua kuifuta ile folda.

Tuchukue mfano huohuo. Folda inaitwa KONTENA MACHI na ina mafaili 60. Karani alipakia 48, mhasibu akapakia 12. Karani anataka nafasi yake irudi, na mwenye ofisi anataka hati zibaki. Wote wawili wanaweza kupata wanachotaka, ila mpangilio wa hatua ndio unaoamua.

Fanya kazi hii kwenye kompyuta, si kwenye simu. Kwenye simu menyu zimefichwa na ni rahisi kugusa pasipostahili. Majina ya vitufe nitakayotaja ni ya Drive iliyowekwa kwa Kiingereza.

Hatua ya 1: Jua nani ni mmiliki, wa folda na wa kila faili

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwenye folda si lazima awe mwenye kila kilichomo. Faili ni la aliyelipakia au kulitengeneza, hata likiwa ndani ya folda ya mtu mwingine, na linakula nafasi ya huyo aliyelipakia. Kwa hiyo yale mafaili 12 ya mhasibu hayampunguzii karani hata kidogo katika GB 15 zake za bure, na karani hana uwezo wa kuyafuta kabisa.

Fungua folda, uweke mpangilio wa orodha badala ya picha, kisha utazame safu ya Owner. Palipoandikwa "me" ni lako. Kama safu haionekani, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua File information, halafu Details.

Angalia pia alama ya mshale mdogo kwenye aikoni. Mshale huo maana yake unatazama njia ya mkato, si folda yenyewe. Ukiitupa njia ya mkato, folda haiguswi, na mtu anaweza kudhani ameshafuta kumbe hajafanya lolote.

Hatua ya 2: Amua unachotaka hasa

Kama folda si yako na unataka tu isikusumbue machoni, nenda Shared with me, bofya kulia, chagua Remove. Inaondoka kwako peke yako. Wenzako hawatahisi kitu. Lakini ruhusa yako bado ipo: ukiwa na linki, folda itafunguka kama kawaida. Kwa hiyo mtu aliyeacha kazi akasema "nimeshajitoa" huenda bado anaziona invoisi zenu. Wa kumtoa ni mwenye folda.

Kumtoa mtu hufanyika kwenye Share. Kando ya jina lake bofya neno linaloonyesha kiwango chake, kwa mfano Editor, chagua Remove access, kisha Save. Usiishie hapo. Chini kidogo pana General access. Ikiwa imewekwa Anyone with the link, kulifuta jina lake hakujazuia kitu, kwa sababu linki anayo kwenye WhatsApp yake. Irudishe iwe Restricted. Na kama kuna faili mojawapo alilowahi kushewa peke yake, nje ya folda, ruhusa ile haiondoki pamoja na ya folda. Lifungue faili lenyewe umtoe humo pia. Alichokwisha kupakua au kunakili kimeshakuwa chake, hakirudi.

Kutupa pipani ni jambo la tatu, na ndilo zito. Mmiliki akichagua Move to trash, kitu kinakaa pipani siku 30, kisha kinafutika chenyewe. Katika siku hizo mmiliki anaweza kukirudisha kwa Restore, na walioshewa bado wana ruhusa ya kukifungua. Akibofya Delete forever, kimekwisha kwa kila mtu.

Kuna hali moja ya katikati ambayo huzua ugomvi ofisini. Editor ambaye si mmiliki akiliondoa faili la mwenzake ndani ya folda, faili halifi. Linatoka kwenye folda na kurudi kwenye My Drive ya mwenyewe. Wale wengine, waliokuwa wakiliona kwa sababu tu limo foldani, hawalioni tena. Ukisikia "nani amefuta risiti?", muulize kwanza aliyeipakia atazame kwake.

Hatua ya 3: Hamisha kabla ya kufuta

Turudi kwa karani wetu. Iko Transfer ownership, kwenye menyu ileile ya Share, na kwa Gmail za kawaida anayepewa lazima akubali kwanza. Tatizo ni kwamba ukihamisha umiliki wa folda, unahamisha folda tu. Yale mafaili 48 yanabaki ya karani na yanaendelea kula nafasi yake. Siku akiyafuta, mwenye ofisi anabaki na folda yenye pengo kubwa.

Mimi napendelea njia hii. Mwenye ofisi aingie kwa akaunti ya ofisi, aifungue KONTENA MACHI, abofye kulia kisha Download. Atapata faili la zip, na likiwa kubwa linaweza kuja vipande kadhaa. Alifungue kwenye kompyuta, kisha apakie kila kitu kwenye folda mpya aliyoifungua mwenyewe. Sasa yote 60 ni ya ofisi. Hati zilizotengenezwa ndani ya Google Docs zitakuja kama za Word, na za Sheets kama za Excel, kwa hiyo zitazameni kama mistari haijavurugika.

Hesabuni. Kama upande mpya ni 57, msifute. Tafuteni hayo matatu, aghalabu yako kwenye kipande cha zip ambacho hakijafunguliwa.

Hatua ya 4: Futa, kisha tafuta yaliyotawanyika

Karani sasa anaweza kuchagua Move to trash. Nafasi yake haitarudi bado, kwa sababu vilivyo pipani vinahesabiwa. Asubiri siku chache, ofisi ifanye kazi na folda mpya, na kama hakuna anayelalamika, aende Trash abofye Delete forever.

Mafaili 12 ya mhasibu hayajafutika. Yamekosa folda tu, yakarudi kwake. Atazame kwanza My Drive yake; yasipoonekana, aandike hivi kwenye kisanduku cha kutafutia cha Drive:

```
is:unorganized owner:me
```

Yatakayotokea ni mafaili yake yasiyo na makao. Yaliyokwisha kupakiwa kwenye folda ya ofisi anaweza kuyatupa, na mengine ayaburute mahali pake.