Geji ya mafuta inayoruka: anza na eathi

Ikiwa mshale wa geji ya mafuta hushuka unapowasha taa na kurudi unapozizima, pima waya wa eathi wa floti ya tangi kabla ya kununua floti mpya. Plagi ya floti ikiwa imechomekwa, switi ya gari ikiwa imewashwa na taa zikiwaka, gusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye waya huo na nyingine kwenye negativu ya betri. Volti ikizidi takribani 0.1, fungua bolti ya eathi kwenye bodi, ukwangue kutu mpaka chuma king'ae, kisha uikaze. Geji husoma ukinzani wa floti; kutu huongeza ukinzani, na katika Toyota nyingi za zamani ukinzani mkubwa humaanisha tangi tupu, hasa taa za nyuma zinapotumia eathi hiyo hiyo. Kipimo hiki hakitakusaidia ikiwa mshale huruka mahali pale pale kila mafuta yanapofikia kiwango fulani, kwani hapo njia ya floti imelika. Geji ya joto nayo ikiyumba pamoja nayo, chunguza eathi ya dashibodi yenyewe.