SOMO: Kukata ripoti ndefu ya Word vipande vya kuhakiki bila rejea kupotea

Wakuu habari za Dodoma. Wiki hii nilikuwa na ripoti ya mradi wa maji huku Chamwino, kurasa 236, sura 7, na wahakiki wanne kila mtu anataka sura zake tu. Mwenzangu alikopi Sura ya 5 akapesti kwenye faili jipya akatuma, mhakiki alipoprinti kila palipokuwa na "tazama Jedwali la 12" pakatoka `Error! Reference source not found.` Ile 12 siyo namba iliyochapwa, ni fildi inayoitafuta Sura ya 3, na Sura ya 3 mle haimo.

Mimi nafanya hivi. Kwenye faili mama bonyeza Ctrl+A halafu F9 ili namba zote ziwe za leo, sevu, kisha tengeneza kopi kwa Save As. Faili mama usilikate kamwe.

Kwenye kopi, kabla hujafuta chochote, Ctrl+A tena halafu Ctrl+Shift+F9. Hapo fildi zinageuka maandishi ya kawaida. Kujua kama imekubali, bofya juu ya ile 12, ikiweka kivuli cha kijivu bado ni fildi.

Namba za vichwa vya habari zenyewe siyo fildi, ukifuta sura za mwanzo, 5.2 itageuka 1.2. Bonyeza Alt+F11, kisha Ctrl+G, andika hii upige Enter:

```
ActiveDocument.ConvertNumbersToText
```

Sasa futa sura nyingine, na kwenye Format Page Numbers weka Start at 118 kama sura ilianzia ukurasa wa 118.

Kazi yenyewe sasa ni karatasi ya mbele. Soma sura yote, kila rejea inayotoka nje iandikie mstari mmoja, mfano "Jedwali la 12, uk. 64: kina cha maji kwa mita, kila kisima". Sura ya 5 ilikuwa na rejea tisa za hivyo, na tatu kati yake ndizo hoja nzima imesimama juu yake, kwahiyo hayo majedwali niliyabandika mwishoni mazima mazima, maana mtu hawezi kuhakiki hesabu asiyoiona.

Maswali

*Kaka, tanbihi zangu bado zinaleta ile era?*
Ctrl+A haifiki kwenye tanbihi dada. Bofya ndani ya tanbihi moja, rudia Ctrl+A na Ctrl+Shift+F9 ukiwa humohumo, kabla ya kufuta sura.

*Si bora PDF tu mkuu?*
Kama anasoma tu, sawa kabisa, toa PDF ya kurasa zake kutoka faili mama, namba hazibadiliki. Ila karatasi ya mbele bado anaihitaji.

*Marekebisho yakirudi napesti sura nzima kwenye faili mama?*
Hapana, utaingiza namba zilizokufa, kesho ukiongeza jedwali moja hazitasogea. Fungua mafaili yote mawili, ingiza sahihisho moja moja kwa mkono.